Mguu Uliofungwa Hogo: Usiku wa Kwanza Usilale Bila Kuangalia Vidole

(Muziki wa kufungua. Unapanda kwa sekunde kumi, kisha unashuka na kubaki chini ya sauti.)

MTANGAZAJI: Ulipo nyumbani, kwenye foleni ya maji au kwa jirani mwenye redio, karibu katika kipindi chetu cha afya. Na wewe unayesoma karatasi hii kwenye ubao wa matangazo au kwenye kikundi chako cha wasikilizaji, karibu pia. Soma taratibu, na ukiwa na mtu asiyejua kusoma, msomee kwa sauti.

Leo tunazungumza juu ya mtu aliyevunjika mfupa, akafungwa hogo, akarudishwa nyumbani. Hogo ni ile plasta ngumu nyeupe. Wengine mnaiita piopii, na ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi wengi mnasema platri. Jina lolote utakalotumia, kazi yake ni moja: kuushika mfupa usisogee mpaka uungane.

Watu wengi wakishaona hogo wanapumua. Wanasema kazi imekwisha, kilichobaki ni kusubiri wiki sita. Lakini saa arobaini na nane za mwanzo ndizo za kuangaliwa zaidi, na katika saa hizo mgonjwa mara nyingi hayuko mbele ya muuguzi. Yuko nyumbani kwako, amelala kwenye mkeka wako. Anayemwangalia ni wewe. Kwa hiyo leo nitakueleza unachoangalia, unakiangaliaje, na ukiona nini unaondoka nyumbani saa ile ile hata kama ni usiku wa manane.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Tuanze na kinachotokea ndani ya mguu. Chukua mguu chini ya goti. Kwa mbele kuna mfupa wa muundi, ule unaougusa kwa urahisi ukipitisha kidole. Kuuzunguka kuna misuli, na misuli hiyo haikuwekwa ovyo. Imegawanywa katika mafungu manne, na kila fungu limefunikwa na utando mgumu mweupe. Ukichinja mbuzi utauona: ni ule utando unaong'aa juu ya nyama ya paja, ambao ukiuvuta haunyooki. Ndani ya kila fungu, pamoja na misuli, hupita mishipa ya damu na mishipa ya fahamu.

Mfupa ukivunjika, damu huvuja ndani na misuli iliyoumia huvimba. Uvimbe unahitaji nafasi, na ule utando hautanuki. Hebu fikiria gunia lililojaa mahindi mpaka mdomoni, kisha mtu anaendelea kushindilia. Ndani ya fungu la misuli shinikizo linapanda, mpaka linavibana vile vimishipa vidogo sana vinavyolisha nyama. Damu haipiti tena vizuri. Misuli inaanza kukosa hewa, na kwa kukosa hewa inazidi kuvimba. Uvimbe unaleta shinikizo, na shinikizo linaleta uvimbe.

Matabibu huita hali hii sindromu ya kompatimenti. Sisi leo tutaiita shinikizo la ndani ya misuli. Hogo halihitajiki ili itokee, kwa sababu utando wenyewe unatosha. Lakini hogo lililokaza, au bandeji iliyofungwa kwa nguvu, ni ukuta wa pili juu ya ukuta wa kwanza, na uvimbe unakosa kabisa pa kwenda.

Misuli haivumilii kwa muda mrefu. Ikikosa damu kwa saa sita hivi, sehemu yake huanza kufa, na msuli uliokufa haurudi. Unakuwa kama kamba ngumu inayojikunja. Daktari wa Ujerumani, Richard von Volkmann, alieleza mwaka 1881 mikono iliyokunjika vidole na kukakamaa baada ya kufungwa kwa kukazwa. Mpaka leo ulemavu huo unaitwa kwa jina lake. Mfupa unaweza kuwa umeunga vizuri kabisa, lakini mkono haushiki tena jembe wala kikombe.

Anayepata hali hii zaidi ni nani? Ni kijana wa kiume mwenye misuli iliyojaa, aliyevunjika mfupa wa muundi. Misuli yake tayari inajaza fungu lote, hakuna nafasi ya ziada. Mtoto aliyevunjika mkono karibu na kiwiko naye yuko katika hatari, na hata aliyebondwa au kulaliwa na kitu kizito bila kuvunjika mfupa wowote.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Sasa tuje kwenye kuangalia. Anayekufunga hogo mguuni kwa kawaida huacha vidole wazi. Vidole hivyo ni dirisha lako. Huwezi kuona ndani ya hogo, lakini vidole vinakuambia habari za huko. Kuna mambo matano ya kuangalia, na kila moja liangalie kwa kulinganisha na mguu mzima. Usiku wa baridi vidole vya miguu yote miwili vitakuwa vya baridi, na hiyo siyo dalili. Dalili ni pale mguu mmoja unapotofautiana na mwenzake.

La kwanza ni maumivu. Mfupa uliovunjika unauma, hilo linajulikana. Lakini baada ya kufungwa, kulazwa mguu juu na kupewa dawa, maumivu yanatakiwa yapungue kidogo kidogo. Maumivu ya shinikizo hufanya kinyume chake. Yanaongezeka saa baada ya saa. Dawa iliyomtuliza jioni haimtulizi tena usiku. Mgonjwa anasema ni maumivu ya ndani, ya kubana, kama mguu unataka kupasuka. Usimwambie ajikaze. Maumivu yanayopita kiasi cha jeraha lenyewe ndiyo dalili ya mapema kuliko zote.

Hapo hapo fanya kipimo kimoja. Mwambie mgonjwa aulegeze mguu kabisa, asisaidie. Wewe mwenyewe shika kidole gumba cha mguu, ukivute polepole kwenda chini, kisha ukirudishe na kukisukuma polepole kwenda juu. Ukivuta chini unanyoosha misuli ya mbele ya muundi. Ukisukuma juu unanyoosha misuli ya nyuma, ndani ya shavu la mguu. Msuli wenye afya hunyooshwa bila kelele. Msuli uliokosa damu ukiunyoosha hata kidogo, mgonjwa anapiga yowe, na anasikia maumivu juu kwenye mguu, siyo kwenye kidole ulichokishika.

La pili ni hisia. Mwambie afumbe macho. Mguse kwa ncha ya kitambaa au kwa kidole chako, mguu mzima kwanza, kisha uliofungwa, na umuulize kama anasikia sawasawa. Usisahau ile ngozi iliyo katikati ya kidole gumba na kidole cha pili. Mshipa wa fahamu unaoleta hisia mahali hapo padogo umepita ndani ya fungu la mbele la muundi, fungu ambalo hubanwa mara nyingi. Akisema pamekufa ganzi, au kuna sisimizi wanatembea, au anachomwachomwa kama sindano, hiyo ni habari mbaya.

La tatu ni mwendo. Mwambie mwenyewe apandishe vidole juu, halafu avishushe. Akivipandisha kidogo kwa sababu ya maumivu, andika hivyo. Lakini kama jana aliweza na leo kidole gumba hakiinuki kabisa, ondoka. Pengine ni shinikizo la ndani, au ukingo wa hogo unabana mshipa wa fahamu unaopita upande wa nje, chini kidogo ya goti. Yote mawili yanahitaji mtu wa afya.

La nne ni rangi na damu. Sisi wenye ngozi nyeusi rangi haionekani haraka juu ya ngozi, kwa hiyo angalia kucha na nyayo. Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, halafu achia. Hesabu taratibu: moja, mbili. Kabla hujamaliza mbili wekundu unatakiwa uwe umerudi. Ukifika tatu na bado ukucha ni mweupe, na kwenye mguu mzima unarudi upesi, kuna tatizo. Usiku tumia tochi yenye mwanga mweupe, kwa sababu mwanga wa koroboi unafanya kila kitu kionekane chekundu.

La tano ni joto na uvimbe. Gusa vidole kwa mgongo wa mkono wako, unasikia joto vizuri kuliko kiganja. Kisha angalia kama vidole vimevimba zaidi ya saa zilizopita, na kama kidole chako cha mwisho bado kinaingia kidogo kwenye ukingo wa hogo.

Sasa sikiliza hapa, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea. Watu husubiri vidole viwe baridi na vyeupe ndipo wahangaike. Shinikizo linaua misuli kabla halijafunga mshipa mkubwa wa damu. Mguu unaweza kuwa wa moto, kucha nyekundu, na mapigo ya damu yanasikika juu ya unyayo, huku ndani misuli inakufa. Vidole baridi na mguu usiosogea kabisa mara nyingi ni dalili za kuchelewa. Ukiwa na maumivu yanayopanda na yowe la kunyoosha kidole, hizo zinatosha. Usisubiri nyingine.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Tuchukue mfano, ili tuone saa zinavyokwenda. Kijana wa miaka kumi na tisa anacheza mpira Jumapili. Wanagongana miguu na mwenzake, muundi unavunjika. Saa kumi na moja jioni amefungwa hogo kutoka juu ya goti mpaka kwenye vidole. Amepewa vidonge vya maumivu, na dada yake amepewa maelekezo ya kumwangalia. Dada huyo ana daftari na kalamu, na kila akiangalia anaandika mstari mmoja.

Saa mbili usiku anaandika: anasema maumivu ni matano katika kumi, anasogeza vidole, anasikia sawa pande zote, kucha zinarudi upesi, vidole vina joto. Hakuna la kutisha.

Saa nne usiku: maumivu saba. Amekunywa dawa saa tatu. Vidole vimevimba kidogo. Hisia sawa. Dada anapandisha mguu vizuri juu ya mto na blanketi lililokunjwa, usawa wa juu kidogo ya moyo, na anaamua kutosubiri saa mbili nyingine. Ataangalia kila saa moja.

Saa tano usiku: maumivu nane. Hawezi kulala, anageuka geuka. Anavuta kidole gumba kwenda chini, kijana anapiga kelele na kumshika mkono. Kwenye ngozi kati ya kidole gumba na cha pili anasema ni kama kuna ganzi. Kucha zinarudi upesi. Vidole vina joto.

Msikilizaji, soma tena mstari huo wa saa tano. Damu kwenye kucha ipo, joto lipo. Mtu asiyejua angesema mguu uko salama, tusubiri asubuhi. Lakini mistari mitatu ya daftari inaeleza jambo moja: maumivu yamepanda kutoka matano hadi saba hadi nane juu ya dawa, kunyoosha kidole kunaleta yowe, na ganzi imeanza. Tukihesabu kutoka saa nne, maumivu yalipoanza kuishinda dawa, mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni saa nane. Na tumesema misuli inavumilia sita hivi. Asubuhi ni mbali mno.

Dada anafanya mambo manne. Anaushusha mguu kutoka kwenye mto, uwe usawa wa moyo, siyo juu na siyo kuning'inia. Wakati wa kawaida kuinua mguu kunapunguza uvimbe, lakini damu inapopita kwa shida, kuinua kunaifanya ipande mlima, na misuli inapata kidogo zaidi. Pili, hampi kidonge kingine ili alale, kwa sababu usingizi utaficha dalili. Tatu, hamlishi wala kumnywesha, maana huenda akahitaji upasuaji, na anaandika saa aliyokula mara ya mwisho. Nne, anamtuma jirani kwa sungusungu wa zamu na kwa mhudumu wa afya wa eneo lao ili gari la wagonjwa liitwe.

Akifika, haelezi kwa kusema "anaumwa sana", kwa sababu kila aliyevunjika anaumwa sana. Anasema hivi: "Amefungwa hogo saa kumi na moja jioni. Maumivu yamepanda kutoka matano hadi nane ingawa amekunywa dawa saa tatu. Nikivuta kidole gumba anapiga yowe. Kuna ganzi kati ya kidole cha kwanza na cha pili. Amekula saa kumi na mbili." Maneno hayo muuguzi yeyote anayaelewa, hata akiwa na foleni ya watu ishirini.

Hospitalini kazi ya kwanza ni kulichana hogo kwa urefu wake wote, kutoka juu mpaka chini, na kulipanua. Tena siyo plasta peke yake. Pamba na bandeji za ndani nazo zikatwe mpaka ngozi ionekane, kwa sababu bandeji iliyolowa damu ikikauka inakaza kama waya. Una haki ya kuuliza kwa heshima: "Daktari, na pamba ya ndani imekatwa?" Ikiwa hogo ndilo lilikuwa linabana, ndani ya dakika chache maumivu yanapungua. Yasipopungua, shinikizo liko chini ya utando wenyewe, na dawa yake ni moja: mgonjwa apelekwe chumba cha upasuaji, ngozi na utando vipasuliwe kwa urefu ili misuli ipate nafasi. Kidonda hicho huachwa wazi kwa siku kadhaa, kikifunikwa na bandeji safi, kisha hufungwa au huwekewa ngozi kutoka sehemu nyingine. Kinatisha kukiona. Usikatae kwa sababu ya kovu. Kovu linabaki kwenye ngozi, lakini mguu unabaki ukitembea. Kama upasuaji huo haufanyiki kambini, hospitali ndiyo inayoandika rufaa na kushughulikia kibali cha kutoka, kwa hiyo usiondoke kujitafutia njia mwenyewe.

Je, wewe mwenyewe ulikate hogo nyumbani kwa kisu au msumeno? Hapana. Utakata ngozi, na mfupa utasogea. Lakini kama aliyefungwa ana bandeji tu iliyozungushwa juu ya kipande cha plasta cha upande mmoja, unaweza kuilegeza bandeji hiyo kwa kuifungua na kuizungusha upya bila kuvuta, huku mtu mwingine ameushika mguu usitikisike, na gari likiwa limeshaitwa.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Kuna jambo moja la kusema hapa kwa wazi. Wapo wazee wetu wanaojua kuunga mifupa kwa vijiti na kamba, na wengi wetu tumekulia mikononi mwao. Hatari ya vijiti ni ile ile ya hogo, tena inazidi, kwa sababu vinafungwa mfupa ungali unavimba na kamba hairegei. Kama mtu wako tayari amefungwa hivyo, usianze kugombana na mzee. Fanya mambo yale matano kwenye vidole. Ukikuta maumivu yanapanda, ganzi, au vidole vimebadilika rangi, fungua kamba mara moja na umpeleke hospitali. Na usimkande kwa maji ya moto wala kumsugua misuli kwa mafuta. Joto na kusugua vinaongeza uvimbe.

Sasa tuone kulitunza hogo lenyewe. Plasta inaganda baada ya dakika chache tu, na wakati inaganda inatoa joto, mgonjwa asishtuke. Lakini kukauka mpaka ndani inachukua siku mbili hadi tatu kwa hogo la mguu. Katika siku hizo ni kama tofali bichi. Likishikwa kwa ncha za vidole linabonyea, na kile kibonyeo kinabaki kimeikandamiza ngozi kwa ndani wiki zote. Kwa hiyo liinue kwa viganja vilivyofunguliwa. Lilaze juu ya kitu laini, siyo juu ya ubao au ukingo wa kitanda. Kisigino kisikandamizwe, kiache kining'inie nje ya mto. Usilifunike blanketi, liache lipate hewa. Na usilikaushe motoni: nje litakuwa limekauka na ndani bado ni bichi, na mgonjwa anaweza kuungua bila wewe kujua.

Likishakauka, adui wake ni maji. Wakati wa kuoga na wakati wa mvua, livishe mfuko wa nailoni uliofungwa juu, ila usiukaze, na ukishamaliza uutoe, maana jasho nalo linalowesha. Kwenda chooni usiku wa mvua ni kazi. Mwekee mgonjwa ndoo au kopo karibu siku za mwanzo. Hogo likilowa likawa laini halishiki tena mfupa, rudi likabadilishwe. Na asilikanyagie chini mpaka aambiwe na tabibu kwamba ni hogo la kutembelea.

Halafu kuna kuwashwa. Litawasha, hasa wiki ya pili. Kijiti cha fagio, kalamu, kijiko, vyote vina hadithi moja: kinakwaruza ngozi, pengine kinabaki humo ndani, na kidonda kinaoza mahali usipopaona. Badala yake ligonge gonge hogo kwa nje kwa kiganja, au mpepee hewa kwenye ukingo.

Baada ya siku zile mbili tatu, hatari inabadilika. Hapo unatafuta kidonda chini ya hogo. Dalili zake ni maumivu ya kuungua mahali pamoja, hasa kwenye kisigino au kifundo, harufu mbaya, doa la unyevu linalojitokeza juu ya plasta, au homa. Na usifurahi maumivu hayo ya mahali pamoja yakikoma ghafla bila sababu. Pengine ngozi imeshakufa na haisikii. Rudi hospitali siku hiyo hiyo. Rudi pia kama hogo limelegea mpaka mguu unacheza ndani. Uvimbe ukipungua hilo hutokea, na mfupa unaweza kuhama.

(Muziki mfupi.)

MTANGAZAJI: Tunayo maswali mawili kutoka kwenye sanduku la wasikilizaji.

Mama mmoja anauliza: "Mwanangu ana miaka minne, amefungwa hogo la mkono. Hawezi kuniambia ganzi wala namba za maumivu. Nitajuaje?" Asante mama. Mtoto mdogo mwangalie mambo matatu. Anahangaika na kulia bila kunyamazishika, hata ukimbeba. Haachi kusumbuka na hataki kuchezea kitu. Na anahitaji dawa ya maumivu zaidi na zaidi, au mapema kuliko saa iliyopangwa. Kwa mkono, kipimo cha kunyoosha ni kuvifungua vidole vilivyokunjwa, polepole. Mtoto anayeacha kulia kidogo, kisha anapiga yowe kila ukimfungua vidole, mpeleke.

Baba mmoja anauliza: "Niangalie mara ngapi? Na mimi nalala." Kweli baba, nawe ni binadamu. Siku ya kwanza angalia kila saa moja mgonjwa akiwa macho. Usiku wa kwanza na wa pili usipitishe saa mbili au tatu bila kuangalia, na umwamshe. Pokezaneni zamu, wewe, mama na kijana mkubwa, lakini daftari liwe moja, ili anayeamka saa nane aone aliyoandika mwenzake saa sita. Kuanzia siku ya tatu, mara tatu au nne kwa siku inatosha, kama kila kitu ni shwari.

(Muziki wa kufunga unapanda taratibu.)

MTANGAZAJI: Msikilizaji, kama nyumbani kwako au kwa jirani yupo aliyefungwa hogo leo, nenda ukaangalie vidole vyake sasa, kabla hujalala. Mnyooshe kidole gumba, mguse ngozi iliyo kati ya kidole cha kwanza na cha pili, mbonyeze ukucha uhesabu mbili, na uandike saa. Maumivu yakiongezeka juu ya dawa, shusha mguu usawa wa moyo na uite gari. Usingoje vidole viwe baridi.

Karatasi hii utaipata kwa mhudumu wa afya wa eneo lako. Maswali yako yaandike na uyatumbukize kwenye sanduku letu. Nakutakia usiku mwema.

(Muziki unapanda, kisha unazima.)